Visanduku vya maandishi havikai sawa kwenye slaidi

"Nina slaidi 20 za PowerPoint. Nikizipitisha, maandishi yanarukaruka kushoto na kulia. Nimesogeza kwa kipanya mpaka nimechoka. Nifanyeje?"

Pole sana. Acha kipanya kwanza, maana jicho halioni tofauti ya milimita mbili mpaka slaidi zianze kupita.

Fungua View, kisha Slide Master, ubofye slaidi ya juu kabisa. Weka hapo mistari ya mwongozo, mmoja sentimita 2 kutoka ukingo wa kushoto, mwingine sentimita 2 kutoka kulia. Ikiwekwa hapo itaonekana kwenye slaidi zote 20, na haitokei wakati wa kuonyesha.

Rudi kwenye slaidi. Sogeza kisanduku kimoja mpaka kinate kwenye mstari, chagua na vingine, kisha Arrange, Align, Align Left. Angalia Align Selected Objects iwe na alama ya tiki, la sivyo vyote vitakimbilia ukingo wa slaidi. Tena vyote hufuata kile kilicho kushoto zaidi, kwa hiyo kilichovuka mstari kirudishe kwanza.

Kinachowasumbua wengi ni hiki: picha na kisanduku vimegusa mstari uleule, lakini maandishi bado yameingia ndani. Kisanduku kina pambizo yake ya ndani, kwa kawaida sentimita 0.25. Bofya kulia, Format Shape, Text Box, weka Left margin iwe 0. Herufi zitasimama sambamba na picha.