Eti wewe ni "mtu wa ubongo wa kulia"? Hebu soma hii kwanza

Juzi dada mmoja wa Urambo kanitumia meseji, eti kafanya testi mtandaoni ikamwambia yeye ni mtu wa ubongo wa kulia, sasa aache hesabu aende sanaa? Nilicheka halafu nikakasirika, maana mimi nikiwa fomu foo hapa Kigoma kuna jamaa wa semina aliniambia hivyohivyo mbele ya darasa zima, na leo bailojia nafundisha mimi, yeye sijui yuko wapi.

Dada, sikia huo ubongo wa kulia na kushoto ulivyojulikana. Nusu mbili za ubongo zimeunganishwa na mkanda mnene wa nyuzi, kama milioni 200 hivi, unaitwa kopasi kalosamu. Kuna watu wenye kifafa kikali kisichosikia dawa, Marekani walikatwa huo mkanda ili degedege lisihamie upande wa pili. Roger Sperry aliwapima, akapata Nobel 1981, na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga akaendelea.

Mgonjwa mmoja wanamwita P.S. Anakazia macho nukta katikati, picha mbili zinapita haraka sana, asiwahi kugeuza macho. Kulia mguu wa kuku, kushoto nyumba yenye theluji. Kinachoonekana kulia kwa nukta kinaenda nusu ya kushoto, yenye maneno, na cha kushoto kinaenda ya kulia (sio jicho kwa jicho, hapo wengi wanachemka, kila jicho linapeleka pande zote). Kisha anachagua kadi. Mkono wa kulia, unaoongozwa na nusu ya kushoto, ukachukua kuku, na wa kushoto, unaoongozwa na nusu ya kulia, ukachukua beleshi, la kuzolea theluji. Wakamuuliza, kwa nini beleshi? Nusu inayoongea haijaona theluji hata kidogo, lakini haikusema sijui! Ikajibu bila kusita kwamba mguu ni wa kuku, na beleshi ni la kusafishia banda la kuku.

Umeona? Mdomo unatunga sababu ya kitu ambacho mkono umefanya kwa taarifa nyingine. Kwa hiyo ukijibu maswali ya testi kuhusu "wewe ni mtu wa aina gani", ujue anayejibu ni huyohuyo msemaji.

Na hao waliokatwa mkanda nyumbani wanaishi kawaida tu, kwa sababu wakigeuza macho kidogo nusu zote zinaona. Wewe mkanda wako mzima, theluji ingevuka upande wa pili kabla hujapepesa macho. Jamani vijana, msikubali kugawanywa! Kazi zimegawanywa kweli, maneno zaidi kushoto, kutambua sura na kupanga maumbo zaidi kulia, ila hesabu haikai upande mmoja: hata kwa waliokatwa, kila nusu peke yake inaweza kuonyesha namba ipi ni kubwa, ingawa kupiga hesabu yenyewe nusu ya kulia inasumbuka. Kwa hiyo dada, usihame mchepuo kwa ajili ya testi. Nitumie swali la hesabu linalokukwamisha, tulifanye Jumamosi.