Avata za katuni kwa Inkscape: vipindi vinne vya klabu

"Wakuu, nimepewa klabu ya kompyuta, vijana 24 wa kidato cha pili, mashine 12, intaneti ya kubahatisha. Nataka wachore avata za katuni kutokana na picha za wenzao kwa programu ya bure. Nianzie wapi?"

Mwalimu mwenzangu, mimi natumia Inkscape, ni ya bure na ukishaiinstoli haiulizi intaneti. Nimeshaendesha hii kitu mara tatu, vipindi vinne vya dakika 80. Wapange wawili wawili, huyu anamchora yule na yule anamchora huyu, hapo hakuna wa kumchora mtu kwa dhihaka maana na yeye zamu yake inakuja. Asiyetaka kupigwa picha usimlazimishe, na wazazi wapelekee karatasi ya ruhusa mapema.

Kipindi cha kwanza usiguse kompyuta kabisa, ni picha tu, na hapa ndo wengi tunaharibu. Mara ya kwanza niliwapiga vijana wamesimama na dirisha mgongoni, nyuso zikatoka nyeusi tii hata macho huyaoni, halafu nikaona nifanye njia ya mkato kwa Trace Bitmap, amri ya Inkscape inayogeuza picha kuwa mchoro yenyewe, ikanipa doa jeusi lenye meno. Ile kitu inakata picha kwa kiwango cha mwanga, kilicho chini ya kiwango kinakuwa cheusi chote, sasa ngozi zetu kwenye picha ya giza zinazama mzimamzima. Tangu siku hiyo nawasimamisha barazani kwenye kivuli, uso unaangalia uwanjani kwenye mwanga, simu usawa wa macho. Ukiona mstari kati ya taya na shingo, picha inafaa.

Cha pili ni mistari. Picha unaiingiza kwa Ctrl+I, dirisha likitokea chagua Embed, sio Link. Mimi niliacha Link, picha ziko kwenye flashi, wiki iliyofuata flashi haipo na kila faili halina picha, kipindi kizima kikaenda na maji. Picha ipunguze Opacity iwe 50, funga leya yake kwa kile kikufuli, ongeza leya mpya juu yake, bonyeza B upate kalamu wachore. Kijana atabonyeza nukta 40 kuzunguka uso mmoja na uso utatoka kama msumeno. Waambie nukta sita zinatosha: utosi, mashavu, taya, kidevu, wavute mausi wakati wa kubonyeza ili mstari upinde. Aliyeshaharibu mwambie Ctrl+L, inampunguzia nukta.

Cha tatu ni rangi. Kwanza fungua kikufuli, rudisha Opacity ya picha iwe 100, ufunge tena, la sivyo rangi utakayookota itatoka imepauka. Uso uwe umechaguliwa, bonyeza D upate kifaa cha kuokota rangi, halafu usibonyeze sehemu moja tu, vuta mausi juu ya shavu lichoreke duara, Inkscape inachukua wastani wa rangi zote zilizomo. Ukibonyeza nukta moja unaweza kuokota jasho linalong'aa au chunusi, ndo unakuta mtoto katokea kijivu. Kivuli cha chini ya kidevu tumia rangi ileile, nenda Fill and Stroke kwenye HSL, shusha L ambayo ni mwangaza kidogo, usichanganye nyeusi maana inafanya ngozi ionekane imepakwa mkaa. Rangi tatu zinatosha, ya ngozi, ya kivuli, na ya kung'aa puani na kwenye paji.

Cha nne ni kufanana, na aisee hapa pagumu kwetu kwa sababu wote wana sare moja na vichwa vimenyolewa, nywele hazikusaidii kitu. Kinachomtambulisha mtu kinabaki nyusi, umbali wa macho, masikio na mstari wa nywele kwenye paji. Kuna binti mmoja alichora vizuri kila kitu ila hakuna aliyemjua mwenzake, tukagundua nyusi alinakili za jicho moja akazigeuza upande wa pili, kumbe mwenzie nyusi moja iko juu kidogo. Alivyoipandisha tu darasa zima likataja jina. Mwenye sura ndo anasema imekubalika, akisema punguza masikio yanapunguzwa, hakuna mjadala.

Mwisho kabisa, kabla hawajagawana, futa leya ya picha. Kuificha kwa kile kijicho haitoshi, kwa Embed picha halisi ya mtoto bado imo ndani ya faili la SVG na yeyote akilifungua anaifungulia tu. Sisi tunafuta, tunaseivu upya, halafu Ctrl+Shift+E tunatoa PNG ya 512 kwa 512, na hiyo ndo inayoenda kwenye magrupu. Picha za kwenye simu yangu nazo nafuta mbele yao hapohapo.