Jedwali la visima 60 likae wapi?

"Ripoti yangu ina majedwali kila ukurasa. Bosi anasema haisomeki, lakini nikiyatoa ataniuliza ushahidi uko wapi. Nifanyeje?"

Usiyatoe ndugu, yagawe. Tuseme umekagua visima 60. Ndani ya sura weka jedwali la mistari mitatu tu: vinavyotoa maji 39, visivyotoa 21, jumla 60. Orodha ya kisima kimoja kimoja ipeleke Kiambatisho B. Kisha sentensi ibebe hoja yenyewe: "Visima 21 kati ya 60 havitoi maji (Jedwali 3, orodha kamili Kiambatisho B, uk. 74)." Asiyefungua kiambatisho ameshaelewa, na mwenye shaka anajua pa kwenda. Ila hesabu mwenyewe hiyo orodha: ikitoa 20, umeumbuka.

Usiandike "jedwali la hapo chini", maana majedwali huhama. Wala namba usizichape kwa mkono. Kwenye Word, weka kichwa cha jedwali kwa Insert Caption, halafu kitaje kwa Cross-reference. Kabla ya kutuma, bonyeza Ctrl+A kisha F9 ili namba zijisasishe. Mimi niliwahi kuruka hatua hiyo. Jedwali 5 likawa linampeleka msomaji kwenye bajeti. Ukiona "Error! Reference source not found", ujue ulichokitaja kimefutwa.