Daraja la shehena ya mahindi: usitoe wastani

"Mipaka yangu: daraja la 1, punje zilizovunjika hadi 2% na uchafu hadi 0.5%, la 2, 4% na 1%, la 3, 6% na 1.5%. Unyevu usizidi 13.5% kwa yote. Sampuli ya gramu 500 ina zilizovunjika gramu 7, uchafu gramu 6, unyevu 13.1%. Nimetoa wastani nikapata la 2. Ni sawa?"

Hapana, ni la 3. Kila kipimo kipe daraja lake, kisha shehena ichukue lililo chini kabisa. Zilizovunjika ni 1.4%, daraja la 1. Uchafu ni 1.2%, umevuka 1%, kwa hiyo la 3. Ubora wa punje hauondoi mchanga guniani.

Sababu iandike hivi: "Daraja la 3: uchafu 1.2%, kikomo cha la 2 ni 1%. Vilivyobaki vimo ndani ya la 1." Mwenye mzigo ataona kwamba kupepeta tu kunaweza kumpandisha.

Unyevu ni mlango, si daraja. Ukizidi 13.5%, andika "haina daraja, ikaushwe", na baada ya kukausha pima vyote upya, maana joto kali hupasua punje.

Linganisha kabla ya kukadiria: 1.04% ukiifanya 1.0% umempa mtu daraja la bure. Na kipimo kilichosahaulika si sifuri; shehena hiyo isubiri. Sampuli nayo ichomwe kwa bambo juu, katikati na chini ya gunia, kwani vumbi hushuka.