Bei ikigusa mkanda wa juu, tazama kwanza wa chini

Hapa Lubumbashi bei ya mukuba haihitaji kutangazwa. Ikipanda, utaona kwa malori, kwa bei ya vyumba, hata kwa namna watu wanavyoagiza bia Kamalondo. Ndiyo maana nilipoanza kucheza na chati kwenye simu, kati ya kazi moja na nyingine kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, nilichagua mukuba wa soko la London. Nilidhani ninaujua. Aprili 2024 ulinila dola 50 kati ya 200 nilizokuwa nazo kwa broka, na kosa lilikuwa lile lile mara tatu.

Chombo nilichotumia kinaandikwa Bollinger Bands kwenye programu nyingi, kwa jina la John Bollinger, Mmarekani aliyekitengeneza miaka ya 1980. Mstari wa kati ni wastani wa bei za kufunga za siku 20. Juu na chini yake kuna mikanda miwili, kila mmoja ukiwa umbali wa mikengeuko sanifu miwili kutoka katikati. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi bei zilivyotawanyika mbali na wastani wao: bei zikitulia mikanda inasogeleana, zikichafuka inaachana.

Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba mkanda wa juu ni dari: bei ikiugusa, uza. Basi nikauza kwa broka mukuba nisiokuwa nao, bei ikiwa dola 9,300 kwa tani, nikitarajia ishuke niununue kwa bei ya chini. Haikushuka, nikakata hasara bei ikiwa 9,450. Nikauza tena hapo hapo 9,450, nikakata 9,600. Mara ya tatu niliuza 9,750, na kwa kiburi sikuweka amri ya kukata hasara. Nilitoka 9,950 huku mikono inatetemeka. Kila dola moja ya mwendo ilikuwa senti kumi kwangu, kwa hiyo hesabu ni 15, 15 na 20.

Yaya wangu, anayeshika daftari kwenye depo moja ya kununua mawe ya mukuba, aliitazama ile chati jioni tukila bukari. Akasema: «Mudogo, weye unaangalia juu tu. Huu wa chini unaenda wapi?» Nikaangalia. Bei ilikuwa inapanda, na mkanda wa chini, wakati ule ilipoanza kupanda, ulikuwa umeshuka. Nilikuwa sijauona kabisa.

Chukua namba za mfano, si za soko. Siku 20 zimekuwa na wastani wa 8,400 na mkengeuko wa 60. Mikanda iko 8,520 na 8,280. Upana wake ni 240, ukigawa kwa 8,400 unapata karibu 2.9%, hiyo ndiyo namba inayoandikwa BandWidth. Sasa siku moja bei inafunga 8,700, na inayotoka kwenye hesabu ni siku iliyofunga 8,400. Wastani unasogea kidogo tu, hadi 8,415. Lakini mkengeuko unaruka hadi karibu 89, kwa sababu umbali wa kila bei unazidishwa kwa wenyewe, na siku moja ya mbali ina uzito mkubwa. Mkanda wa juu unakwenda karibu 8,592, wa chini unashuka hadi karibu 8,238.

Bei imefunga dola 300 juu ya ule wastani wa 8,400, na mkanda wa chini umeshuka zaidi ya 40. Ukiona mikanda inafunguka hivyo, mmoja juu na mwingine chini kama mdomo wa mamba, bei haijafika darini. Imetoka tu ndani ya nyumba.

Kwa nini basi inaendelea kugusa mkanda wa juu siku nenda siku rudi? Fanya hesabu nyingine: bei inapanda dola 50 kila siku kwa siku 20, bila kuteleza. Wastani utakuwa 475 chini ya bei ya leo, kwa sababu unabeba siku za nyuma. Mikengeuko miwili ni karibu 577. Kwa hiyo mkanda wa juu uko dola 100 hivi tu juu ya bei. Mwendo wa kawaida wa siku mbili! Bei inayopanda kwa utaratibu haina pengine pa kukaa isipokuwa pembeni mwa mkanda, na mkanda nao unapanda pamoja nayo. Ndiyo maana tunasema bei inatembea juu ya mkanda. Mimi nilikuwa nauza kila hatua ya matembezi hayo.

Dalili zilikuwepo kabla. Januari na Februari 2024 mukuba ulikuwa umebanwa kati ya 8,100 na 8,700 hivi. Mikanda ikisogeleana hadi BandWidth ifike chini kuliko yote ya miezi sita, huo ndio mbano, na mara nyingi baada yake huja mwendo mkubwa. Wa upande gani? Mbano hausemi. Tena mara nyingi hatua ya kwanza ni ya uongo: mwanzoni mwa Februari bei iliteleza hadi karibu 8,100, ikawatia watu hamu ya kuuza, kisha ikarudi juu. Tarehe 13 Machi, viwanda vya kuyeyusha mukuba vya China vilipokubaliana kupunguza uzalishaji, ikaruka zaidi ya 3% hadi karibu 8,900. Mwisho wa Aprili ikagusa 10,000.

Ninachofanya sasa ni hiki. Nikiona mbano, sifanyi kitu mpaka siku ifunge nje ya mkanda. Mshumaa, yaani alama ya bei za siku moja kwenye chati, uliochungulia nje mchana ukarudi ndani jioni siuhesabu. Kisha nasubiri mkanda wa upande wa pili ufunguke. Usipofunguka, bei ikarudi ndani siku mbili tatu, nakubali kwamba nimedanganywa na natoka kwa hasara ndogo. Ukifunguka, sigombani na bei.

Mkanda wa chini ukigeuka na kuanza kupanda, upanuzi umeisha. Hilo si amri ya kuuza, kwani hata ule mfano wa dola 50 kwa siku una mkanda wa chini unaopanda. Ni wakati wa kuacha kuongeza. Kutoka, natoka siku ikifunga chini ya mstari wa kati.

Na sifanyi haya kwenye chati ya dakika tano. Saa ambazo London na New York zimelala, mikanda inabanana kwa sababu wanaonunua na kuuza ni wachache, na ule si mbano wa kungojea kitu. Chati ya siku inanitosha, tena inavumilia umeme ukikatika. Nikifungua simu saa tatu usiku au kesho asubuhi, bei ya kufunga ni ile ile.

Mapema Mei bei ilirudi karibu na mstari wa kati, nikanunua 9,820 kwa kipimo kile kile cha senti kumi. Tarehe 20 ilipita 11,100, rekodi mpya, na Yaya alinipigia simu akiniuliza kama nimeuza. Sikuuza. Mwishoni mwa mwezi ilifunga chini ya mstari wa kati, nikatoka 10,100. Dola 28. Yaya bado ananihesabia zile mia moja nilizoziacha njiani.