Picha imebadilika, maneno yamebaki

Wadogo zangu wa meza ya tovuti, wiki hii nimeliona tena: picha ya soko la Virunga imeondolewa, ya bandari imewekwa mahali pake, na maandishi mbadala, yaani `alt`, bado yanasimulia wauza viazi. Mwenye macho hayaoni maandishi hayo, kwa hiyo hatawaambia kitu. Asiyeona, anayeusikiliza ukurasa kwa kisoma-skrini kama NVDA au TalkBack, atawaamini wauza viazi wenu, maana hana cha kulinganisha nacho.

1. Jueni kisichohama. Mkipakia faili jipya kwa jina la lile la zamani, njia mnayoipenda kwa sababu ni ya haraka, msomaji anapata picha mpya, lakini `alt` na maelezo ya chini yake hayajaguswa.

2. Hilo nililijifunza vibaya. Nyiragongo ilipolipuka jioni ya 22 Mei 2021, nilikuwa na haraka kama kila mtu Goma, nikaweka juu ya habari yetu picha niliyotumiwa kwenye simu: lava nyeusi katikati ya barabara ya maduka. Mwenzangu mmoja aliitazama mara moja tu akasema kwamba hiyo ni ya Januari 2002, kwani mwaka ule ndio lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ilhali safari hii ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa na haki. Niliweka picha ya nyumba zilizoungua Buhene kwa jina lilelile la faili, nikarekebisha maelezo ya chini, nikajiona nimemaliza. `alt` sikuifungua.

Siku iliyofuata alinipigia mwalimu mmoja wa Bukavu, mzee asiyeona ambaye husikiliza tovuti yetu kila asubuhi. Alisema: «Mwanangu, picha yenu inasema lava imefunika barabara ya maduka katikati ya mji, na chini yake mnasema ni Buhene. Dada yangu anauza vitenge pale katikati, na simu yake haipatikani. Nishike lipi?» Nilimwambia kwamba katikati ya mji hakukufika lava. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, upole ulionichoma kuliko matusi, kama wasomaji wengine walikuwa wameona kosa hilo. Hakuna aliyekuwa ameliona, na hakuna ambaye angeliona: kwa wote wenye macho ukurasa ulikuwa sahihi tangu usiku, na uongo ulikuwa umebaki kwa wale tu waliokuwa wakisikiliza. Tena nilikuwa nimebadilisha maelezo kimyakimya, kwa hiyo hata aliyeiona picha ya kwanza na kuisambaza hakujua kwamba tumeiondoa.

Hivi ndivyo ningepaswa kuandika usiku ule:

```html
<figure>
  <img src="buhene-2021-05.jpg"
   alt="Nyumba za mbao zilizoungua pembeni mwa lava nyeusi inayotoa moshi">
  <figcaption>Buhene, kaskazini mwa Goma, Mei 2021.
  Mwanzoni tuliweka hapa picha ya mlipuko wa 2002,
  iliyoonyesha lava katikati ya mji.</figcaption>
</figure>
```

Angalieni mgawanyo wa kazi. `alt` inasema kinachoonekana, wala haianzi na neno «picha», kwa kuwa kisoma-skrini chenyewe hutangaza kwamba ni picha. Mahali, tarehe na kukiri kwamba picha imebadilishwa vinakaa katika maelezo ya chini, kwa sababu vinamhusu kila msomaji. Marekebisho yakifichwa ndani ya `alt`, mwenye macho hayapati. Na jina la faili ni jipya, ili mtu alazimike kuigusa sehemu hiyo ya ukurasa.

3. Msiandike katika `alt` kile ambacho jicho haliwezi kukithibitisha: «watu wakitembea na magodoro vichwani» inatosha, na kwamba wako njiani kwenda Sake baada ya amri ya kuhama ya 27 Mei ni jambo la maelezo ya chini.

4. Picha ya zamani si dhambi, mradi maelezo yaanze na «Picha ya kumbukumbu, 2002». Yakimalizia nayo, msikilizaji ameshaamini kabla ya kuifikia. Msikimbilie pia kuiacha `alt=""` ili kukwepa kazi: kisoma-skrini kitairuka picha, na maelezo ya chini yatabaki yakizungumzia kitu ambacho msikilizaji hakutajiwa.

5. Kabla ya kuondoka mezani, washeni NVDA, bonyezeni G ili kuruka kutoka picha hadi picha, na msikilize bila kutazama. Fanyeni hivyo kwenye ukurasa wa mwanzo pia, kwani picha hiyohiyo iko huko na `alt` yake nyingine, kisha fungueni `og:image:alt`, maandishi mbadala ya picha inayokwenda na kiungo kinaposambazwa, ambayo nimewakuta mkiisahau hata baada ya kunisikiliza.