Nilikubali picha, sikukubali maelezo yake

"Nilisaini fomu mpiga picha anipige. Sasa ameichapisha na kuandika chini 'mama aliyetelekezwa na mumewe'. Mume wangu ninaye! Je, sina la kusema kwa kuwa nilisaini?"

Unalo, dada. Fomu ya namna hiyo kwa kawaida huruhusu sura yako itumike. Angeandika "mwanamke dirishani", ungekuwa na hoja dhaifu, hata kama hukuipenda. Lakini "aliyetelekezwa" ni dai kuhusu maisha yako, tena la uongo, na sehemu nyingi sheria ya kashfa huligusa.

Isome fomu upya. Maneno "kwa matumizi yoyote" humpa nafasi pana ya kuitumia picha, ila ni nadra yafike hadi kukuzulia habari. Kifungu kinachotaja mada nyeti ndicho cha kumwonyesha mwanasheria.

Kwanza hifadhi nakala ya ukurasa ikionyesha tarehe. Kisha mwandikie aondoe maelezo, maana hapo ndipo una nguvu. Kuiondoa picha yenyewe, hasa kama ulilipwa, ni vigumu zaidi. Mwambie asahihishe pia maelezo yaliyofichwa ndani ya faili (wengi husahau hili), na awaarifu wote aliowatumia.